Kikwembe cha yadi mbili: mambo matano muuzaji anapaswa kusema kabla ya mkasi kukata

Kasongo. Mama mmoja muuzaji wa vikwembe hapa sokoni Kasongo ana wateja wengi ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Wako Kabambare. Wengi wao ni wamama waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mapigano, na sasa wanaishi kwa ndugu au katika familia zilizowapokea. Wanapiga simu, wanatuma pesa, na kitambaa kinapanda pikipiki. Mtu aliye mbali hawezi kukigusa kitambaa wala kukivuta au kukitazama juani. Anategemea maneno ya muuzaji peke yake.

Siku moja wamama watatu wa Kabambare walichanga pesa wakanunua nusu-pisi moja, kila mmoja apate kikwembe chake. Kitambaa kilipofika, walikikata sehemu tatu zilizo sawa. Mmoja wao alijifunga, na ncha hazikupitana vizuri kiunoni. Akapiga simu Kasongo.

“Mama, kitambaa chako ni kifupi.”

“Mwanangu, nilihesabu mikunjo mwenyewe. Ilikuwa sita.”

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Shida ilikuwa ndani ya mkunjo wenyewe.

Urefu: pima, usihesabu mikunjo

Katika biashara ya vikwembe, pisi nzima ni yadi 12, nusu-pisi ni yadi 6, na kikwembe kimoja ni yadi 2. Yadi moja ni sentimita 91 na nusu hivi. Basi kikwembe ni mita 1.83, nusu-pisi ni mita 5.49, na pisi ni karibu mita 11. Kiwandani kitambaa hukunjwa yadi kwa yadi, ndiyo maana wauzaji wengi huhesabu mikunjo tu, wakaamini.

Ile nusu-pisi ya Kabambare ilikuwa na mikunjo sita kweli, lakini kila mkunjo ulikuwa wa sentimita 84. Sita mara 84 ni sentimita 504. Palipungua sentimita 45, yaani karibu nusu yadi. Kila mama alipata mita 1.68 badala ya mita 1.83. Kama nusu-pisi ilinunuliwa kwa franka 30,000, kila mmoja alitoa 10,000 kwa kitambaa cha thamani ya 9,200 hivi. Franka 800 zinaweza kuonekana kidogo. Hasara kubwa iko kwa mshonaji, kwa sababu sketi ambayo ingetoka katika yadi 2 haitoki tena, na mwenye kitambaa analazimika kutafuta kipande kingine chenye rangi ile ile.

Dawa yake ni utepe wa mshonaji na meza. Kitambaa kinalazwa bila kuvutwa, kinapimwa kando ya ukingo, ule utepe mwembamba wa pembeni ambao mara nyingi una maandishi ya kiwanda. Maandishi yale husema jina, hayapimi. Mtu anaweza kuchapa “6 yards” juu ya kitambaa cha yadi tano na nusu.

Vipimo hivi ni vya zamani katika njia hii. Wakati misafara ya Tippu Tip ilipofanya Kasongo kuwa makao yake, merikani na kaniki zilihesabiwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani karibu yadi 2, na doti ilikuwa shuka mbili. Mkono ulipimwa toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mwenye mkono mfupi na mwenye mkono mrefu hawakukata shuka sawa. Ubishi wa leo juu ya mikunjo ni ndugu wa ubishi ule.

Upana: ndio urefu wa mvaaji

Mwanamke anapojifunga kikwembe, urefu wa kitambaa unamzunguka mwilini, na upana unashuka toka kiunoni mpaka miguuni. Kwa hiyo upana mdogo unaonekana chini, kwenye vifundo vya miguu. Vikwembe vingi vya pamba vina upana wa kati ya mita 1.15 na 1.20. Vinakuja pia vya mita 1.10 au chini ya hapo, na mama mrefu hatavifurahia.

Upana upimwe mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Ukiwa tofauti, muuzaji aseme ule mdogo. Na ipimwe sehemu iliyochapwa rangi tu. Kingo mbili nyeupe zikiingizwa katika kipimo, zinaongeza sentimita ambazo mshonaji atazikata azitupe.

Uzito: wanga haudumu

Kitambaa kipya kinaweza kuwa kigumu na kinono mkononi, kisha baada ya kufuliwa mara moja kikawa kama chandarua. Kile kigumu kilikuwa wanga uliopakwa kiwandani. Maji yanauondoa, nyuzi zinabaki peke yake.

Muuzaji mwenye mizani ndogo anaweza kupima kikwembe kimoja kikavu, bila mfuko wala karatasi. Chukua kikwembe cha mita 1.83 kwa 1.18. Kikiwa na gramu 260 hivi, ni kama gramu 120 kwa kila mita ya mraba, na hicho ni kitambaa kizuri cha kuvaa na cha kubebea mtoto mgongoni. Kingine cha urefu ule ule, upana wa mita 1.12, kikiwa na gramu 185, ni kama gramu 90 kwa mita ya mraba. Hicho kinafaa libaya jepesi au kitambaa cha kichwa. Mama anayetaka kubebea mtoto barabarani aambiwe mapema, kwa sababu kitambaa chepesi huchanika kwanza pale kinapofungwa fundo.

Mizani haiwezi kutenganisha uzi na wanga. Kwa hiyo kona moja ilowekwe, isuguliwe kwa vidole, ikaushwe, kisha ishikwe juani kando ya sehemu isiyofuliwa. Kona ikipitisha mwanga mwingi kuliko sehemu nyingine, uzito ule ulikuwa wa wanga. Wakati wa mvua pia pamba hunyonya unyevu ikaongezeka gramu, basi kipimo cha siku ya jua ndicho cha kuaminiwa.

Rangi: kitambaa cheupe ndicho shahidi

Wanunuzi wengi hugeuza kitambaa kutazama mgongo wake. Ni jambo jema. Waksi ya kweli ina rangi karibu sawa pande zote mbili, kwa sababu nta na rangi hupita mpaka upande wa pili. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Lakini hilo linaonyesha namna kilivyochapwa. Halisemi kama rangi itabaki baada ya sabuni.

Maabara za vitambaa hutumia kipimo chepesi ambacho mtu anaweza kukifuata sokoni. Kipande cha pamba nyeupe kinafungwa kidoleni, kinasuguliwa mara kumi juu ya rangi nzito, kwanza kikavu, kisha kikiwa kimeloweshwa. Maabara hutoa alama toka 1 mpaka 5, ambapo 5 maana yake hakuna rangi iliyohama. Sokoni maneno matatu yanatosha: haitoki, inatoka kidogo, inatoka sana.

Kipimo cha pili ni cha sabuni. Kona ya kikwembe inafungwa pamoja na kitambaa cheupe, inaachwa nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kufulia. Kama maji yanapata rangi lakini cheupe kinabaki cheupe, ni rangi ya ziada ya mara ya kwanza, na mteja aambiwe afue peke yake mara mbili tatu. Kama cheupe kimeshika rangi, kikwembe hicho kitaharibu nguo za watoto katika beseni moja. Wako wanaosema chumvi au siki inafunga rangi. Katika kitambaa kilichokwisha kuchapwa na kuuzwa, vitu hivyo haviponyi rangi mbaya. Vinampa mnunuzi tumaini tu.

Picha: vichwa vinaelekea wapi?

Hili ndilo husahauliwa, na ndilo linalogombanisha washonaji na wateja. Kikwembe chenye maua yaliyotawanyika kila upande hakina juu wala chini. Lakini chenye ndege, jogoo, taa au sura ya mtu kina mwelekeo.

Vichwa vikielekea ukingo, picha itasimama wima mtu akijifunga. Vichwa vikielekea mwanzo wa kipande, picha italala ubavu juu ya mwili wa aliyejifunga, lakini itasimama vizuri kwa mshonaji anayekata gauni kwa kufuata urefu wa kitambaa. Kama vichwa vyote vinatazama upande mmoja, mshonaji hawezi kugeuza patani juu chini ili kubana nafasi, na nguo inaweza kudai kitambaa zaidi. Aliyenunua vikwembe viwili kwa libaya na sketi anaweza kuhitaji cha tatu. Ni afadhali alijue hilo akiwa bado na pesa mfukoni.

Karatasi ndogo

Baada ya simu ile, mama wa Kasongo alirudisha kwa wale watatu thamani ya sentimita 45 zilizopungua. Tangu hapo, hakuna kipande kinachopanda pikipiki bila karatasi iliyoshonwa kwa uzi kwenye kona. Mojawapo ilisomeka hivi:

Nusu-pisi, haijakatwa. Urefu mita 5.49. Upana wa rangi mita 1.17. Kila kikwembe gramu 255 hivi, kavu. Rangi: kavu haitoki, majini inatoka kidogo, fua peke yake mara mbili. Ndege, vichwa vyaelekea ukingo, upande mmoja.

Kabla ya kulipwa, maneno hayo husomwa kwa simu, na mteja huyaandika kwake. Kitambaa kikifika, anapima tena mbele ya aliyekileta. Kikiwa kimepungua, kinarudi na pikipiki ile ile. Lakini hapo pana sharti moja ambalo pande zote mbili zimekubali: kipimo kwanza, mkasi baadaye. Nusu-pisi iliyokwisha kukatwa sehemu tatu hairudi, kwa sababu hakuna atakayejua tena ilikuwa na mita ngapi ilipotoka Kasongo.