Onyesho la Kwanza ni la Kwanza Wapi?

Filamu yetu ina dakika kumi na saba na sekunde arobaini. Mzee mmoja, mstaafu wa migodi, ameketi mbele ya nyumba yake katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anasimulia jinsi baba yake alivyofika kambini kutoka Kasai. Mimi si mtu wa sinema. Niliitwa kwa sababu ya Kiswahili chake: mwongozaji alitaka mtu wa kunakili maneno yote na kuyatafsiri kwa Kifaransa na Kiingereza, yaandikwe chini ya picha. Kazi hiyo ilipokwisha, Agosti 2023, hakuna aliyetaka kushika karatasi za festivali, nami nikaachiwa.

Tulikuwa na dola 240. Watu kumi na wawili walitoa ishirini ishirini. Kila mmoja alikuwa na jina la festivali kichwani, na majina yalikuwa yale yale: Kani, Venisi, Berlini. Nilifungua kanuni zao usiku mmoja na nikaona mambo ambayo tungeyajua kabla ya kukata picha ya mwisho. Mashindano ya filamu fupi ya Kani hayapokei filamu ya zaidi ya dakika kumi na tano, majina ya mwisho yakiwemo. Kwa hiyo sisi tulikuwa nje kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Na hata tungekuwa ndani: mwaka 2024 walipokea filamu fupi zaidi ya 4,400, wakachagua 11. Venisi inakubali hadi dakika ishirini, Berlini hadi thelathini. Hizo mbili zilibaki, na zote mbili zinadai kitu ambacho kwa Kifaransa tunakiita «première».

Hapo ndipo mwanafunzi wa isimu alipopaswa kusimama na kuuliza maana ya neno, lakini sikuuliza. Mjini kwetu «première» ni ile jioni yenye viti vya plastiki, muziki na watu waliovaa vizuri, filamu inapoonyeshwa mara ya kwanza. Neno linataja sherehe. Katika kanuni za festivali neno hilo hilo linataja mahali ambapo filamu haijafika. Lina ngazi, na kila ngazi ina mipaka yake ya ramani: onyesho la kwanza duniani, maana yake haijaonyeshwa hadharani popote, onyesho la kwanza la kimataifa, maana yake haijaonyeshwa nje ya nchi yake, kisha la kwanza katika bara, la kwanza katika nchi, na festivali nyingine huteremka hadi la kwanza katika mji.

Mimi nilisoma «première» nikaelewa moja tu: tusionyeshe kwa mtu yeyote. Nikawaambia wenzangu hivyo, nao wakaniamini kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimesoma kanuni. Tulificha filamu kwa miezi kumi na mitatu.

Mzee hakuelewa. Nilipopita kumsalimia aliniuliza, kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Ile filme mulishaiuzisha? Munaifichaka juu ya nini?» Nilimjibu, «Papa, bado tunangoja Wazungu.» Najuta jibu hilo hadi leo, kwa sababu halikuwa hata kweli. Venisi ndiyo inayodai onyesho la kwanza duniani. Berlini, kwa filamu fupi, inaridhika na onyesho la kwanza la kimataifa. Filamu iliyopigwa Lubumbashi ikaonyeshwa Lubumbashi, au hata katika festivali ya Goma, haijatoka nje ya nchi yake. Inakuwa imepoteza ngazi ya juu kabisa, ile ya dunia, na kubaki na zote zinazohusu nchi za nje. Kwa mradi wetu ngazi ya juu kabisa ilikuwa na thamani kwa mlango mmoja tu, Venisi, na mlango huo hatukuwahi hata kuugonga, kwa kuwa muda wake wa kupokea filamu ulikuwa umepita tulipomaliza. Tulikuwa tunalinda hazina ambayo hakuna aliyeiomba.

Uamuzi halisi ulikuwa mwingine kabisa, nao ni wa kalenda. Berlini hufanyika Februari, na FESPACO ya Wagadugu, ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, huanguka mwishoni mwa Februari na kuingia Machi. Ukionyesha Wagadugu kwanza, umetoka nje ya nchi, na onyesho la kimataifa limetumika. Ukionyesha kwanza katika ZIFF ya Zanzibar, ambayo kwa kawaida huwa katikati ya mwaka, limetumika pia, ingawa watazamaji wa huko wangemwelewa mzee wetu kwa sehemu kubwa bila maandishi. Hapo ndipo unapopima: je, nafasi ndogo sana ya Berlini inastahili kuzuia Zanzibar? Kwa filamu yetu, sasa naona hapana. Zaidi ya hayo, festivali nyingi zinazoishi kwa filamu fupi peke yake hazijali ngazi hizo. Klemon-Feran, ambayo kwa filamu fupi ndiyo mkutano mkubwa kuliko yote, haidai onyesho la kwanza. Nayo hupokea maelfu ya filamu, ikachukua chini ya mia moja kwa mashindano ya kimataifa. Lakini unaweza kuiendea baada ya Lubumbashi na Goma bila kupoteza kitu.

Sasa niseme pesa zilivyokwenda, maana waliochanga bado huniuliza. Duru ya kwanza tulituma mahali saba: dola 55, 50, 40, 35, 30, 20 na 10. Jumla 240, mfuko mtupu. Kosa la kwanza lilikuwa tarehe. Kwenye tovuti kama FilmFreeway festivali moja huwa na tarehe tatu au nne za mwisho, na ada hupanda kila tarehe inapopita. Sisi tulituma karibu zote katika wiki ya mwisho, kwa sababu maandishi ya Kiingereza yalichelewa, na hilo ni langu. Nilipiga hesabu baadaye: filamu hiyo hiyo, mahali hapo hapo, kwa tarehe ya kwanza, ingekuwa dola 165. Kuchelewa kwangu kuligharimu 75, na hapo sijataja pesa tulizokatwa na yule aliyetukopesha kadi ya benki, kwa kuwa huko hawapokei pesa ya simu.

Kosa la pili lilijitangaza kwa furaha. Siku tisa baada ya kutuma tulipata jibu: tumechaguliwa! Mwongozaji alinipigia simu akipiga kelele. Ilikuwa ile ya dola 35, yenye jina la mji mkubwa wa Ulaya. Barua ya pili ilitueleza kwamba tumeshinda katika mojawapo ya makundi yao zaidi ya arobaini, na kwamba sanamu ya ushindi tunaweza kuinunua kwa dola 120. Niliuliza filamu itaonyeshwa katika ukumbi gani, tarehe gani. Hakuna ukumbi. Shindano hufanyika kila mwezi, na washindi hutangazwa kwenye tovuti. Alama zote zilikuwapo tangu mwanzo: makundi mengi kupita kiasi, matokeo ya kila mwezi, hakuna anwani ya ukumbi, hakuna programu ya mwaka uliopita yenye saa na majina ya filamu. Sasa kabla ya kulipa natafuta kwanza hiyo programu ya mwaka jana. Festivali ya kweli, hata ndogo, ina mtu aliyepanga viti siku fulani saa fulani, na jambo hilo huacha karatasi.

Sita nyingine zilikataa. Tovuti tuliyohifadhia filamu kwa neno la siri huonyesha ni mara ngapi kiungo kimefunguliwa, na kwa festivali tatu kati ya hizo niliona sifuri. Nilikasirika, kisha mwongozaji akanieleza kwamba wengine hupakua au hutazama kwa njia isiyohesabika, kwa hiyo sifuri si ushahidi kamili. Niliacha kuangalia.

Duru ya pili tulianza upande mwingine: tukatafuta kwanza mahali ambapo filamu ya namna yetu ina kiti chake. Mfano ulikuwa karibu. Nelson Makengo wa Kinshasa alipotengeneza filamu fupi ya dakika kama ishirini kuhusu usiku bila umeme, ilipata tuzo ya filamu fupi huko IDFA, Amsterdamu, mwaka 2019. IDFA ni nyumba ya filamu za hali halisi. Filamu yake ndefu iliyofuata ilifika Berlini mwaka 2024. Sisemi tutapita njia yake. Nasema filamu ya mzee anayesimulia haina sababu ya kushindana na hadithi za kubuni zenye waigizaji, kama tulivyofanya mara nne kati ya saba.

Tuliandika barua sita za kuomba kusamehewa ada. Barua hiyo huandikwa kabla ya kutuma filamu na kabla msongamano haujaanza. Ukiwa umeshalipa umeshalipa. Iwe fupi: filamu ni ya nani, inatoka wapi, dakika ngapi, kiungo, na sentensi moja inayoonyesha kwamba umesoma programu yao. Wawili walitusamehe yote, mmoja nusu, watatu walinyamaza. Pamoja na zile zisizotoza kitu, FESPACO ikiwemo, tulituma mahali tisa kwa dola 38. Tulichaguliwa na mbili ndogo, zote za filamu za hali halisi. Moja ilikuwa na ukumbi wa viti themanini, nao walitutumia picha ya watu wamekaa.

Na katika duru hiyo hatukuficha tena. Septemba 2024 tulionyesha filamu katika uwanja wa nyumba mbili kutoka kwa mzee, kwa projekta ya kuazima, baada ya umeme kurudi. Majirani walikuja wengi. Mzee hakuwapo. Alikuwa amehamia Likasi kwa binti yake tangu Juni, kwa sababu ya miguu, na hakuweza kupanda gari kwa safari ndefu.

Tulikwenda Likasi Jumapili iliyofuata, mwongozaji na mimi, na kompyuta. Aliiweka juu ya meza, akavaa miwani, akatazama dakika zote kumi na saba bila kusema neno. Mwisho aliomba turudishe nyuma, pale anaposema «bulongo». Aliweka kidole juu ya maandishi yangu ya Kifaransa. Nilikuwa nimetafsiri kwa neno la matope. «Hapana, mwanangu,» akasema. «Ile baba alikuya kulimia, ile banamuzikia ndani. Matope ni kintu ingine.»

Nakala yenye matope ilikuwa imeshakwenda mahali kumi na sita. Nilirekebisha usiku huo huo nikapakia upya kwa kiungo kile kile, na nne ambazo zilikuwa hazijajibu, kama zilifungua baada ya hapo, ziliona ardhi.