Nguo mia moja kwa mwezi, si «nguo zote»



Sisi ni wamama wanne wa Bukavu, tunafula nguo za watu na kuzipiga pasi ya makala. Siku nyingi tuliishi kwa kungojea. Juma moja nguo zinajaa mpaka usiku, juma lingine hakuna mtu anayebisha mlango, na watoto wanarudishwa kutoka shule juu ya minerval. Ndipo tukawaza: wale wanaotuletea nguo leo na kupotea, kwa nini wasilipe kwa mwezi?

Mara ya kwanza tulikosea. Mama mmoja wa Nguba alitupenda, tukapatana franga 40 000 kwa mwezi, tumfulie «nguo zote za nyumba». Juma la kwanza zilikuwa 25, la pili 30. Juma la tatu wageni walifika: tukaletewa 70, pamoja na blanketi na rido. La ine 55. Jumla 180. Sabuni, maji, makala na pikipiki hutula karibu franga 200 kwa kila nguo, ni kusema 36 000. Zikabaki 4 000 kwa wamama wanne: franga 1 000 kwa kila mmoja, kwa mwezi mzima! Mwenzetu mmoja alilia, akasema anarudi kuuza mboga Kadutu.

Yule mama hakutuibia. Sisi ndio tuliouza kitu kisichokuwa na kipimo.

Tulikaa chini tukaandika upya, kwenye karatasi moja ya daftari. Kila juma tunachukua nguo 25 siku ya Kwanza, tunazirudisha siku ya Ine, zimefulwa, zimepigwa pasi na kukunjwa. Jozi ya soksi ni nguo moja, shuka ni nguo moja. Blanketi na rido hazimo, zina bei yao. Ikipita 25, kila nguo ya ziada ni franga 500, bei ya mtu anayekuja mara moja. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kenda, tunarudisha siku ya Tano, kwa sababu nguo hazikauki upesi. Afazali kuahidi siku moja zaidi kuliko kurudisha shati lenye kunuka unyevu.

Mwezi wetu ni safari ine, si tarehe 1 mpaka 31. Kuna miezi yenye siku ya Kwanza tano, na zamani safari ya tano tuliifanya bure bila kujua.

Bei ni franga 45 000 kwa nguo 100, na inalipwa mbele. Tunapunguza 5 000 kwa kuwa feza hiyo ya mbele inatuwezesha kununua makala kwa gunia, si kwa kopo. Gharama ikitoka 20 000, zinabaki 25 000. Nyumba moja tu, na juma ni zilezile tulizotokea jasho kwa 4 000.

Hatumwambii kila mtu maneno hayo. Tunatazama kwanza daftari: aliyeleta nguo mara tatu ndani ya miezi miwili, huyo anatuhitaji tayari. Tunamwambia siku tunapomrudishia nguo, akiwa anazishika mkononi:

«Mama, mwezi uliopita umetuletea nguo 90, umelipa 45 000. Kwa feza hiyohiyo tunaweza kukufulia 100, na tutakuja kuzichukua nyumbani.»

Hesabu yake mwenyewe ndiyo inayosema. Anayeleta nguo 40 tu tunamwacha alipe moja moja. Tukimsukuma atalipa mwezi mmoja na kukimbia.

Tunahesabu nguo mbele ya mwenyewe, anatia sahihi kwenye daftari. Siku ya kurudisha tunahesabu tena. Pale ndipo ugomvi wa «shati langu liko wapi» ulipokufia. Daftari hilo linaonya pia: nyumba ikipita 25 majuma mawili mfululizo, tunaongea mapema juu ya bei nyingine, hatungoji mwisho wa mwezi.

Safari ya ine, pamoja na nguo, tunapeleka karatasi ndogo: safari ine, nguo 100, blanketi moja ya ziada. Asiyelipa mwezi unaofuata anarudi kwenye bei ya moja moja, bila hasira.

Leo tuna nyumba ine za mwezi. Ya tano tumeikataa kwanza, maana nguo 100 kwa juma zinatutosha, na siku ya Posho tunaiacha kwa wanaokuja mara moja. Nyumba moja ikihama, wale ndio watakaojaza nafasi.

Yule mama wa Nguba? Tulimrudia na karatasi mpya. Alisoma, akacheka, akauliza: «Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?» Yeye ni nyumba ya kwanza kati ya zile ine. Na mwenzetu hakuenda Kadutu.