Hesabu ya mapigo baada ya kutua polo

Leo tunawaletea jambo la mwani, ila si la bei, maana la bei tumeshalia nalo mpaka machozi yamekauka. Tunataka kuzungumza moyo, huu unaopiga kifuani, na namna tulivyojifunza kuusikiliza wakati wa kubeba.

Wasiojua kazi yetu wanaona picha za wanawake wa upande wa mashariki wameinama majini na kanga zao, wakasema mashaallah, pazuri. Ni pazuri. Ila kufunga mwani kwenye kamba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuutoa. Mwani mbichi una maji, na polo moja la mwani mbichi tulilipima siku moja kwenye mizani ya mnunuzi likafika kilo 34. Unalitia kata kichwani, wenzio wawili wanakutwisha, unatembea kwenye maji ya magotini, halafu mchangani, kama mita 300 mpaka kwenye vichanja. Unarudi. Siku ya bamvua maji yanatoka sana kwenye saa nne asubuhi, na hayasubiri mtu, kwa hiyo utabeba mfululizo saa tatu au nne na jua linapanda juu yako.

Sisi ni kikundi cha wanawake kumi na moja. Wengine tuna vyerehani nyumbani, tunashona mabuibui na sare za skuli, lakini mwezi ukiandama na mwezi ukikamilika tupo pwani sote. Kila siku tulikuwa tunasikia maneno yale yale: "moyo unanienda mbio", "nimechoka kufa". Na jawabu letu lilikuwa moja tu: jikaze. Hatukuwa na njia ya kujua nani kachoka uchovu wa kazi na nani mwili wake umeelemewa.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mstaafu, mtu mzima, sisi tunamwita bibi. Alikuja kununua mwani wa kutengeneza sabuni akatukuta tumejilaza chini ya mnazi. Akasema: "Wanangu, moyo kwenda mbio wakati umebeba si ugonjwa. Ndiyo kazi yake. Mimi nataka kujua ukishatua, unarudi?"

Akatueleza kuwa njia hii si yake. Ilitumiwa zamani na daktari aitwaye Lucien Brouha, aliyewachunguza wafanyakazi wa viwandani wanaofanya kazi nzito kwenye joto, na kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Badala ya kumfunga mtu vyombo kifuani, alimkalisha mtu kitako mara tu alipoacha kazi, akahesabu mapigo yanavyoshuka. Kifaa kinachotakiwa ni saa tu, na kila mmoja wetu ana simu yenye saa.

Tunafanya hivi. Ukitua polo unakaa papo hapo, usisimame kupiga soga. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, unaviweka kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, upande wa kiganja. Kidole gumba usikitumie kupimia, kwa sababu nacho kina mpigo wake utakuchanganya. Unaacha sekunde 30 za mwanzo zipite, kisha unahesabu sekunde 30 zinazofuata na kuzidisha kwa mbili. Hiyo ni hesabu ya dakika ya kwanza. Unaendelea kukaa kimya. Ikifika dakika mbili na nusu unahesabu tena mpaka dakika ya tatu itimie, unazidisha kwa mbili. Sasa una namba mbili.

Namba ya kwanza ikiwa 110 au chini, na ya pili imeshuka chini ya 90, moyo wako umefanya kazi na umerudi kwake. Namba ya pili ikiwa bado juu ya 90 lakini imeshuka vizuri kutoka ile ya kwanza, kwa 10 au zaidi, ujue kazi ni nzito na mapumziko yanahitaji kurefushwa. Ikiwa bado juu ya 90 na haikushuka hata 10, basi mwili haurudi. Hapo hubebi tena mpaka ijulikane kwa nini.

Tulicheka kwanza. Halafu bamvua lililofuata tukachukua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, tukaanza kuandika.

Mmoja wetu mwenye miaka 36 tutamweleza kama mfano, maana yeye ni wa kawaida kabisa. Baada ya polo la kwanza alihesabu 52, yaani 104. Dakika ya tatu 42, yaani 84. Safi. Polo la tano, njia ile ile, uzito ule ule, akapata 58 na 49, yaani 116 na 98. Akashtuka: "Mbona polo halikuongezeka?" Bibi akamwambia polo halikuongezeka, ila jua limeongezeka na maji ya mwilini yamepungua. Ukipata joto, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili upoe, na jasho linachukua maji yaliyokuwa kwenye damu hiyo hiyo. Damu inayorudi moyoni kwa kila pigo inakuwa kidogo, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Ndiyo maana polo la saa sita ni zito kuliko la saa nne hata kama mizani inasema sawasawa. Alikaa kivulini dakika kumi na tano, akanywa vikombe viwili vya maji polepole, akahesabu tena: 78. Akaendelea. Huo ndio uchovu wa kazi. Unahema lakini unaweza kusema sentensi nzima, unatoka jasho, miguu inauma, na ukipumzika unaona nafuu ya kweli.

Sasa mtu wa pili, wifi yetu. Huyu kwa miezi alikuwa wa mwisho kila safari. Tulimsema, Mwenyezi Mungu atusamehe. Tulisema mvivu, tukasema tangu alipopata mume mwenye gari anadeka. Siku tuliyompima, baada ya polo la pili tu, dakika ya kwanza alihesabu 64, yaani 128. Dakika ya tatu 61, yaani 122. Tukadhani kakosea. Bibi akashika mkono mwenyewe dakika ya tano: 118. Akamtazama ndani ya kope za chini, akamtazama viganja, akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumuuliza: siku zako zinakwenda vipi? Wifi akasema kwa sauti ya chini kuwa zinamchukua siku tisa, na anatumia vitambaa viwili kwa pamoja.

Jioni ile ile tulimpeleka kituo cha afya. Damu yake ilikuwa 7.2. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Sasa fikiria: damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli, naye anayo kidogo kuliko sisi, na polo ni lile lile. Moyo wake ulikuwa unafanya kwa mapigo kazi ambayo damu ilishindwa kuifanya. Asubuhi kitandani kabla hajainuka alikuwa anapata 96, nayo kwa mtu mzima bado ni chini ya 100, kwa hiyo hata angepimwa amekaa pengine asingeshtua mtu. Kilichomfichua ni kule kutoshuka baada ya kutua.

Alipewa vidonge vya madini ya chuma na akafanyiwa uchunguzi wa ile damu nyingi. Miezi miwili hakubeba. Alifunga kamba kivulini, kazi ya kukaa, na mgao wake tuliutoa sawa na wetu. Wako waliolalamika, hatutaficha, lakini kidogo, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alichomsema. (Na chai ya mkandaa pamoja na vidonge hivyo aliambiwa aitenganishe, inazuia chuma kuingia mwilini. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.)

Hesabu hii ina mipaka yake. Anayetumia baadhi ya dawa za presha, zile zinazopunguza kasi ya moyo kama atenolol na propranolol, namba zake zitakuwa nzuri hata akiwa taabani, basi yeye asizitegemee. Mjamzito moyo wake unakwenda mbio zaidi hata akiwa amelala, naye kwetu habebi polo, tumekubaliana. Na ziko dalili ambazo hazisubiri saa: kubanwa kifua, au maumivu yanayopanda shingoni, taya au mkono, macho kuingia giza, mapigo yanayoruka ruka bila mpangilio, kusikia baridi na vinyweleo kusimama ilhali jua linawaka, mtu kuanza kujibu maneno yasiyoeleweka. Hapo hatuhesabu. Tunamtua, tunampeleka kivulini, huyo mwenye joto tunammwagia maji na kumpepea, na mwingine anakimbia kutafuta gari.

Tumeulizwa sana kuhusu Ramadhani. Mwezi ukiandama na bamvua limefika, kwa hiyo siku za mwanzo za funga ndizo siku za kubeba, na hakuna maji ya kunywa kivulini. Mwaka wa kwanza tulipima tukiwa tumefunga, na polo la tatu lilitupa namba za polo la sita. Sasa mwezi huo tunajaza polo nusu, tunabeba safari tatu tu kila mtu, na unaobaki tunaukokota kwa ngarawa ya kukodi. Pesa inapungua, ndiyo. Na ambaye namba zake hazishuki tunamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Si kila mtu anapenda kuambiwa hivyo. Bibi mmoja mwenzetu alitununia wiki nzima, akasema yeye kafunga akibeba kuni tangu hatujazaliwa. Tukamwomba ahesabu tu, aamue mwenyewe. Alihesabu, akakaa kimya, akasema polo lake leo abebe mjukuu.

Daftari sasa limejaa kurasa nne, katikati ya mabega na viuno vya mabuibui ya watu. Bamvua lililopita wifi alibeba kwa mara ya kwanza, polo nusu. Damu imefika 11.4. Alikaa kitako mchangani, akafumba macho, akahesabu kwa sauti ili tusikie sote: 53. Tukangoja. Dakika ya tatu akahesabu 44, akafungua macho akasema, "Haya, nitwisheni."