Chupa Tano na Sauti Mbili

Chupa za glasi zilizokwisha sosi au sharubati hurundikana nyuma ya majiko ya nyumba nyingi, na mwisho wake hutupwa jalalani. Tano kati ya hizo, zikiwa za aina moja na za kimo kimoja, zatosha kuwa ala ya muziki ya watoto. Wataalamu wa amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda yenye mbao 12, hutumia sauti tano tu, kisha huzirudia kwa unene au wembamba mwingine. Kwa hiyo mtoto mwenye chupa tano hakupungukiwa na kitu.

Kwanza chupa zichaguliwe. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya wadudu au maji ya betri isiingie katika kazi hii hata ikioshwa mara kumi, kwa kuwa midomo ya watoto itaigusa. Yenye ufa au mdomo uliomeguka nayo iwekwe kando. Zilizobaki zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zibanduliwe karatasi zake, kisha zipangwe juu ya kitambaa kilichokunjwa. Zikisimama juu ya meza tupu, mlio wake hugongana na mlio wa ubao.

Kazi ya pili ni kupima maji. Tuseme chupa hubeba mililita 300 mpaka chini ya shingo, yaani vijiko vya chai 60 vya mililita 5. Ya kwanza iachwe tupu. Ya pili itiwe vijiko 15, ya tatu 26, ya nne 34, na ya tano 40. Mtoto mwenye macho makali atauliza kwa nini nyongeza yapungua kila mara: 15, kisha 11, kisha 8, kisha 6. Sababu ni kwamba kinacholia si maji, bali hewa iliyobaki juu yake. Kadiri hewa inavyopungua, ndivyo kiasi kidogo cha maji kinavyotosha kuipandisha sauti hatua moja. Ndiyo maana atiaye maji nusu ya chupa, akitumaini kupata sauti ile ile ya chupa tupu katika wembamba wake wa juu, hufika nusu ya njia tu. Ili kufika huko, hewa yapasa ibaki robo, nayo maji yawe vijiko 45.

Kupuliza nako kuna adabu yake. Mdomo wa chini uguse ukingo wa chupa, na pumzi ipite juu ya tundu kuelekea ukingo wa pili. Pumzi ikiingia ndani moja kwa moja, husikika upepo mtupu.

Hapo ndipo huzuka ubishi. Katika nyumba moja ya mji wa Jinja, kaka mkubwa alipuliza chupa zote kwa zamu, akatangaza kuwa maji mengi huleta sauti nyembamba. Mdogo wake, ambaye pumzi zake hazikuweza kuiliza chupa, alikuwa akizigonga kwa mwiko. Alisema kaka yake ni mwongo: yenye maji mengi ndiyo nene. Kaka alicheka, na mdogo akaanza kulia. Mama yao hakuamua. Aliwaamuru wabadilishane kazi: mpigaji apulize, akishikiwa chupa, na mpulizaji agonge. Kila mmoja alisikia kwa sikio lake kwamba mwenzake alisema kweli.

Chupa inapopulizwa, hewa ndiyo hutikisika, na maji huifupisha nafasi yake. Inapogongwa, glasi yenyewe ndiyo hutikisika, na maji huielemea kama mzigo mgongoni, ikaenda polepole, na sauti ikawa nene. Kwa hiyo safu ile ile hupanda kwa pumzi na hushuka kwa mwiko. Chupa za plastiki hufaa kwa pumzi tu, kwani ukuta wake laini humeza pigo.

Hesabu ya vijiko ni mwanzo. Sikio ndilo humaliza. Mtoto aimbe sauti mbili za jirani, na ile isiyokubaliana na koo lake iongezwe au ipunguzwe maji kijiko kimoja kimoja. Wakati wa kugonga, kichwa cha mwiko kifungwe kitambaa, na pigo lianguke ubavuni, si shingoni.

Sauti zikipatana, kimo cha maji kitiwe alama ya rangi ya kucha, maana maji hukauka na ala huharibika taratibu. Mchezo ukiisha, maji yamwagwe. Yakiachwa wiki nzima, mbu watayageuza kitalu chao, na muziki utakaosikika usiku hautakuwa wa watoto.