Dakika Tano za Mwisho

Huku Ewuaso Kedong kipindi changu cha hesabu ni dakika 35, na tano za mwisho ni za maswali mawili kwenye kipande cha karatasi. Siyatoi kwenye kitabu cha kiada. Nayatoa kwenye noti zangu za siku hiyo, kwa sababu noti ndizo zinajua nilichofundisha hasa.

Chukua somo la kulinganisha desimali, Gredi ya 6. Noti zangu zilikuwa na mstari mmoja wa maana: anza na sehemu za kumi, ndipo uende sehemu za mia. Mfano wa ubaoni ulikuwa 0.6 na 0.45. Huo siurudii kwenye karatasi. Mtoto ataukumbuka tu. Lakini pia siwezi kubadilisha tarakimu ovyo. Nikiuliza ipi kubwa kati ya 0.75 na 0.4, anayesoma desimali kama namba nzima atasema 75 inashinda 4, nami nitamwekea tiki ya bure.

Kwa hivyo swali la kwanza lilikuwa lita 0.75 za maziwa na lita 0.8. Hapo mtoto wa "75 inashinda 8" anajitokeza mwenyewe. La pili lilikuwa 0.62 na 0.4, la kumnasa mwingine: yule aliyesikia kwamba sehemu ya mia ni ndogo kuliko sehemu ya kumi, akaamua kila desimali ndefu ni ndogo. Huyu swali la kwanza analipata vizuri kabisa, kwa sababu mbaya. Chini ya kila jibu nimeacha mstari mmoja wa "kwa nini", maana kwa majibu mawili tu hata kubahatisha kunalipa.

Sisahihishi kwa alama. Napanga mafungu mezani. Siku hiyo, kati ya karatasi 38, 17 zilipata yote, 14 zilikosa la kwanza tu, 5 zilikosa la pili tu. Mbili zilikosa yote, na hizo ndizo nilizisoma mara mbili. Mtoto anayekosa yote kwa mpangilio huo mara nyingi desimali anazijua. Amechagua iliyo ndogo. Swali liliandikwa Kiingereza, na nyumbani kwao ni Kimaa. Nilimwita mmoja, nikamuuliza kwa mdomo. "Mwalimu, si ulisema tuchague ndogo?"

Kesho yake wale 14 walichora mraba wa vyumba 100, wakapaka rangi 75, halafu mwingine wakapaka safu 8 kamili. Wakahesabu: 80. Kelele kidogo. Wale watano niliwapa mraba huohuo, lakini wapake 62 kisha safu 4.

Wiki mbili baadaye nilirudisha maswali yaleyale kwa tarakimu nyingine, katikati ya somo la vipimo, bila kuwaonya. Fungu la kwanza lilikuwa limepungua hadi 6. Wanne kati yao walikuwa wapya, waliopata yote mara ya kwanza. Nimerudi kusoma mistari yao ya "kwa nini". Mitatu ilikuwa tupu.