Barua kwa KNBS: tupeni anwani moja isiyohama

Wiki hii posti yangu ni barua. Naandikia KNBS, ile ofisi inayohesabu kila kitu Kenya, lakini isomeni na nyinyi, juu ombi lenyewe linahusu pesa za nyumbani kwenu pia.

Kwa KNBS,

Nawaandikia kutoka Sosiot, Kericho. Huku mkulima mdogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo za majani alizopeleka, halafu anangoja bonasi. Bonasi ikitoka, kila mtu anauliza imepanda kwa ngapi. Mimi huuliza swali lingine: imepanda kuliko unga?

Tuchukue mfano. Bonasi ya mama ikipanda kwa asilimia 5, na bei za vitu zikipanda kwa asilimia 7, gawa 1.05 kwa 1.07. Unapata kama 0.98. Maanake ameshika noti nyingi zaidi, lakini dukani zinanunua vitu pungufu kwa karibu asilimia 2. Hiyo ndiyo hesabu dashibodi yangu inafanya, ili mtu aione kwa simu bila kuhesabu.

Sasa, dashibodi inafaa kujisasisha yenyewe. Nyinyi hutoa takwimu za bei za walaji siku ya mwisho ya kazi kila mwezi. Programu ingeamka jioni hiyo, ichukue namba mpya, ichore, ilale. Kazi ya sekunde chache.

Shida ni kwamba PDF imetengenezewa macho ya mtu. Mtu akiona jedwali anaona safu na mistari. Programu inaona herufi zilizotawanywa kwa karatasi, na lazima ikisie ipi iko chini ya ipi. Namba ikiwa na kinyota cha kuonyesha ni ya muda, programu inaweza kuikataa kwa sababu si namba tena. Mwezi ukiandikwa "Sept" leo na "Sep" kesho, hiyo ni miezi miwili tofauti kwake.

Na afadhali ikatae. Mbaya ni ile inanyamaza. Jedwali likiongezewa safu moja, programu inasoma safu ya jirani na kuchora mstari msafi kabisa wa namba zisizo zake. Hakuna anayeshtuka.

Mfano mkubwa ni mwaka wa msingi. Fahirisi ya bei ya zamani ilihesabu Februari 2009 kuwa 100, na kufikia mapema 2019 ilikuwa imepita 190. Fahirisi mpya inahesabu Februari 2019 kuwa 100. Mtu anasoma maelezo na kuelewa. Programu isiyoambiwa itaunganisha hizo mbili na kutangaza kwamba bei Kenya zilishuka karibu nusu kwa mwezi mmoja. Tungekuwa tumesherehekea!

Kwa hivyo naomba vitu vitatu tu. Kwanza, faili moja la CSV kwenye anwani isiyobadilika, mwezi mpya ukiongezwa chini ya ile ya zamani. Pili, kila mstari ubebe maelezo yake, hivi:

```
mwezi,kiashiria,msingi,thamani,hali
2019-02,CPI,2019-02,100.0,kamili
```

Safu ya `msingi` inazuia ule mchanganyiko wa 2009 na 2019. Safu ya `hali` inasema kama namba ni ya muda au kamili, kwa hivyo mkirekebisha namba ya miezi iliyopita, programu inajua kurudi kuibadilisha. Tatu, mkitaka kubadilisha muundo, tangazeni miezi kadhaa mapema na muache faili la zamani likiendelea kando ya jipya mpaka watu wahame.

Hili linawezekana. Benki ya Dunia tayari inatoa mfumuko wa bei wa Kenya kwa anwani moja:

```
https://api.worldbank.org/v2/country/KEN/indicator/FP.CPI.TOTL.ZG?format=json
```

Lakini hiyo ni namba moja kwa mwaka. Unga haungoji mwaka. Ni ajabu kidogo kwamba kijana wa Sosiot anapata takwimu za nchi yake kwa urahisi kutoka Washington, ilhali zile za kila mwezi ziko Nairobi.

Najua pia mipaka. Fahirisi ya taifa si bei ya soko la Sosiot, na dashibodi yangu itaandika hivyo chini ya mchoro. Bado ni kipimo bora kuliko uvumi wa kituo cha majani.

Anzeni na fahirisi ya bei peke yake. Bei ya chai mnadani Mombasa itafuata. Mkiniwekea hiyo anwani, jioni hiyohiyo nitaunganisha.

Wenu, kutoka Sosiot.