Kina Kama Shahidi: Juu ya Daftari la Mawazo Yaliyounganishwa

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vyetu hufundishwa arudhi katika muhula mmoja, fonolojia katika mwingine, na historia ya maandishi katika mwaka mwingine kabisa. Kila kozi ina daftari lake, na daftari hilo hufungwa siku ya mtihani. Matokeo yake ni kwamba maarifa yanayohusu kitu kimoja, yaani neno lililo mwishoni mwa kipande cha utenzi, hugawanywa katika madaftari matatu ambayo hayajawahi kukutana. Katika makala haya ninakusudia kueleza namna daftari la aina nyingine, ambalo nimelitunza tangu mwaka 2001, lilivyoyakutanisha madaftari hayo. Sitalieleza kwa ujumla. Nitafuata uzi mmoja tu, kadi kwa kadi, ili msomaji aone ni nini hasa kinachojengeka na kwa nini kinahitaji miaka.

Daftari lenyewe ni sanduku la kadi za ukubwa wa postikadi. Kila kadi hubeba dai moja, lililoandikwa kwa maneno yangu mwenyewe na kwa sentensi kamili, pamoja na tarehe. Kitabu au mhadhara ulionipa dai hilo huandikwa kwenye kadi ya pembeni, katika sanduku la vyanzo. Kadi hazipangwi kwa kozi wala kwa mada bali kwa nambari. Kadi ya 14 ikizaa wazo linaloiendeleza, wazo hilo huwa 14a na kukaa nyuma yake. 14a nayo ikizaa, huja 14a1. Kwa njia hii nafasi mpya hupatikana popote bila ya kupangua kitu. Utaratibu huu si wangu. Mwanasosholojia wa Kijerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliutumia kwa miongo kadhaa na kuacha kadi zipatazo 90,000. Nambari haisemi kadi inahusu nini; inasema ilipo tu. Kazi ya kuonyesha uhusiano hufanywa na viungo, yaani nambari za kadi nyingine zinazotajwa ndani ya kadi, na faharasa fupi inayoonyesha pa kuingilia.

Kadi ya 14 niliiandika katika kozi ya ushairi ya mwaka wa kwanza. Inasema kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, kwa kawaida vya mizani nane kila kimoja. Kwamba vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, na kina cha kipande cha nne, ambacho ni bahari, hurudi katika kila ubeti. Kufikia hapo hakuna jipya. Ni jambo ambalo kila mwanafunzi hulikariri. Lakini kwa kuwa kadi inadai dai, niliongeza sentensi moja: kina hufunga silabi nzima ya mwisho, konsonanti na irabu yake, na kwa hiyo mtunzi hana uhuru wa kuibadilisha konsonanti hiyo. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kufaa.

Mwaka uliofuata, katika kozi ya fonolojia na lahaja, niliandika kadi ya 31. Inaeleza kwamba mahali ambapo Kiunguja kina sauti /ch/, Kiamu na Kimvita mara nyingi huwa na /t/: cheka ni teka, mchanga ni mtanga, ficha ni fita. Vivyo hivyo moja huwa moya, na njia huwa ndia. Mwalimu wetu aliyataja hayo kama historia ya sauti, na mtihani ukayataka hivyo hivyo. Nilipoitafutia kadi hiyo mahali, nilijiuliza swali ambalo utaratibu huu hulilazimisha: ni kadi gani iliyotangulia ambayo ingebadilika iwapo hii ni kweli? Jibu lilikuwa kadi ya 14. Kiungo nilichoandika hakikuwa nambari peke yake. Kilisema: «Tazama 14, kwa sababu mnakili akibadilisha lahaja, kina kitavunjika mahali ambapo sauti za lahaja zinatofautiana.»

Kutokana na kiungo hicho ikazaliwa kadi ya 14a, yenye mfano niliouunda mwenyewe. Tuchukulie ubeti ambao vipande vyake vitatu huishia kwa maneno kupita, kufita na kuleta. Kina ni «ta», na kimekamilika. Nakala ikifika mikononi mwa mnakili aliyezoea Kiunguja, naye akaliandika neno la pili kwa desturi ya ulimi wake, tutapata kupita, kuficha, kuleta. Maana haikuguswa, na mizani ni ile ile. Kilichoharibika ni kina tu. Kwa hiyo mhakiki anayekuta kina kilichovunjika katika kazi ya mtunzi stadi hapaswi kuharakisha kusema kwamba mtunzi ameteleza. Aulize kwanza kama neno hilo lina umbo la lahaja nyingine ambalo lingekirudisha kina mahali pake. Kadi hiyo hiyo inataja mpaka wa hoja: jozi ya njia na ndia haina ushahidi wowote, kwa maana silabi ya mwisho katika yote mawili ni «a». Kina hushuhudia pale tu ambapo tofauti ya lahaja imeangukia silabi ya mwisho.

Kadi ya nne katika uzi huu ilichelewa hadi masomo ya uzamili, mwaka 2005, katika kozi ya historia ya maandishi ya Kiswahili. Kadi ya 58 inasema kwamba hati za Kiarabu, kama zilivyotumika na wengi hapo kale, zilikuwa na alama moja kwa irabu /i/ na /e/, na moja kwa /u/ na /o/. Maneno huku na huko huweza kuandikwa sawasawa. Anayeziandika upya kwa hati za Kilatini hana budi kuchagua. Kadi hiyo iliunganishwa na 14a mara moja, na safari hii kina kilikuwa msaada badala ya kuwa mhanga: iwapo vipande vingine viwili vinaishia kwa mfuko na mwiko, maneno ambayo hayana mwenzi wa kuchanganywa naye, basi neno lenye utata lisomwe huko.

Hapa uzi ulipata kitu cha kushika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa baadaye katika karne ya 19 na mmishenari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Baina ya kinywa cha Muyaka na ukurasa tunaoufundisha pana kumbukumbu za watu, pana hati za Kiarabu, na pana hati za Kilatini. Kila hatua ni nafasi ya irabu kuchaguliwa au konsonanti kubadilishwa. Mwanafunzi aliye na kadi nne nilizozitaja anaweza kuisoma diwani hiyo akiwa na swali la kuuliza katika kila ubeti. Mwanafunzi aliye na madaftari matatu yaliyofungwa atahesabu mizani.

Laiti uzi ungeishia hapo, ningekuwa na nadharia nzuri mno. Kadi ya 14a3, ya mwaka 2008, ndiyo iliyoutikisa. Inatokana na kozi ya isimujamii, na inasema kwamba maumbo ya lahaja za kaskazini yalikuwa pia lugha ya heshima ya ushairi. Mtunzi wa kusini aliweza kuandika fita kwa sababu ndivyo ushairi ulivyosemwa, ingawa nyumbani kwake alisema ficha. Ikiwa ni hivyo, kina cha «ta» hakithibitishi kwamba mtunzi alizaliwa Lamu au Mombasa. Kinathibitisha tu umbo alilolitumia katika utungo ule. Hii ni tofauti kubwa kwa yeyote anayetaka kutumia lugha ya utungo kukisia asili ya mtunzi asiyejulikana.

Lakini pingamizi hilo nalo lilizaa. Kadi ya 14a3a inauliza: vipi kuhusu kinyume chake? Utungo uliojaa maumbo ya kaskazini ukiwa na mahali pamoja ambapo kina kinalazimisha ficha, hapo mtunzi hakusukumwa na heshima ya lahaja. Yamkini ulimi wake mwenyewe umejitokeza. Ushahidi wa upande huu una uzito zaidi kuliko ule wa kwanza, ijapokuwa ni haba, na mfano mmoja hautoshi kuhukumu. Sidhani kama ningelifikia wazo hilo kwa kukaa kitako na kulitafuta. Lilikuja kwa sababu pingamizi liliwekwa nyuma ya kadi lililoipinga, na nambari yake ikaniacha na nafasi tupu mbele yake.

Utaratibu huu huharibika kwa njia mbili ambazo nimeziona mara kwa mara katika kadi za wanafunzi wa uzamili. Ya kwanza ni kunakili. Kadi iliyobeba maneno ya kitabu haina dai la mwenyewe, na kwa hiyo haina cha kuunganishwa. Dalili yake ni rahisi: chomoa kadi ya mwaka uliopita bila ya kuchagua, uisome bila kitabu, usipoweza kusema inakataa nini, haijaandikwa bado. Ya pili ni viungo visivyo na sababu. Mwanafunzi huandika nambari kumi kwenye kadi moja kwa kuwa zote «zinahusu vina», na viungo hivyo vikawa faharasa ya pili tu. Dalili yake huonekana ukifuata viungo vitatu mfululizo: ikiwa kadi ya nne haikukupa swali ambalo ya kwanza haikuwa nalo, umezunguka katika mada bila ya kufuata hoja.

Pana pia kikomo ambacho hakiondolewi kwa bidii. Katika miaka miwili ya mwanzo sanduku halina faida inayoonekana, kwa sababu kadi mpya hazina za kukutana nazo. Uzi niliousimulia una kadi sita tu, nao ulichukua miaka saba. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza atapata alama zile zile bila ya sanduku. Siku atakapoulizwa tasnifu yake inahusu swali gani ndipo tofauti itakapoonekana. Na sanduku halitampa ushahidi wenyewe: kadi zangu zinaniambia mahali pa kutazama, lakini bado sina budi kuzifungua nakala na kuhesabu vina vilivyovunjika, ubeti baada ya ubeti, na kuandika kwenye kadi inayofuata vile visivyokubaliana nami.